Sentimita Nne, Dola Mia Nne Sabini na Tatu

Mzigo unaotoka Guangzhou kuja Dar es Salaam ndani ya kontena la kuchangia haulipiwi kwa idadi ya katoni, wala kwa thamani ya kilichomo ndani yake. Mara nyingi unalipiwa kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo: nafasi yenye mita moja kwenda mbele, mita moja kwenda pembeni na mita moja kwenda juu. Msafirishaji anapima urefu, upana na kimo cha katoni, anazidisha namba hizo tatu, kisha anazidisha tena kwa idadi ya katoni na kwa bei ya CBM moja. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza. Hata hivyo ndiyo inayozua ugomvi mwingi kati ya wenye mizigo na wasafirishaji, na kwa kawaida ugomvi huo unaanza na tuhuma ya wizi.

Tumchukue mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza ndala za wanawake kiwandani China. Ameagiza katoni 120, kila moja ina jozi 24. Kiwanda kimemtumia orodha ya mzigo inayosema kila katoni ina urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 40. Anapiga hesabu yake: 60 mara 45 mara 40 ni sentimita za ujazo 108,000, nayo ni CBM 0.108. Kwa katoni 120 anapata CBM 12.96. Tuseme msafirishaji wake anatoza dola 400 kwa CBM. Anatenga dola 5,184, anazigawa kwa jozi 2,880, na kujua kwamba kila jozi itabeba dola 1.80 ya usafiri. Juu ya namba hiyo anapanga bei ya jumla atakayowauzia wateja wake wa mikoani.

Mzigo unafika kwenye ghala la msafirishaji huko huko Guangzhou na kupimwa upya. Risiti inasoma 61 kwa 46 kwa 42. Ukitazama haraka utasema ni kitu kilekile: sentimita moja kwenye urefu, moja kwenye upana, mbili kwenye kimo. Lakini 61 mara 46 mara 42 ni 117,852, na katoni 120 zinafika CBM 14.14. Ankara inakuja na dola 5,657 badala ya 5,184. Nyongeza ni dola 473, na usafiri wa kila jozi umetoka dola 1.80 hadi dola 1.96. Ujazo umepanda kwa asilimia 9.1, ilhali hakuna upande hata mmoja uliozidi kwa zaidi ya asilimia 5.

Kuona asilimia hizo tisa zinatoka wapi, tuache kimo kwanza tutazame sakafu ya katoni peke yake. Fikiria mkeka wa sentimita 60 kwa 45. Ukiuongeza sentimita moja kwa urefu, unashonea ukanda mwembamba kwenye upande wa 45, kwa hiyo eneo linaongezeka kwa 45. Ukiuongeza sentimita moja kwa upana, unashonea ukanda kwenye upande wa 60, na eneo linaongezeka kwa 60. Kanda hizo mbili zinapokutana pembeni kinabaki kiraka kidogo cha sentimita moja kwa moja. Jumla ya nyongeza ni 45 na 60 na 1, yaani 106, na kweli 61 mara 46 ni 2,806 badala ya 2,700. Kiraka cha pembeni ni kidogo mno. Kilichokula nafasi ni zile kanda mbili, kwa sababu kila ukanda una unene wa kosa lako lakini urefu wake ni urefu wa katoni nzima.

Ndiyo maana makosa ya vipimo vinavyozidishwa hujumlishwa kwa asilimia zake. Sentimita moja katika 60 ni asilimia 1.7. Moja katika 45 ni asilimia 2.2. Mbili katika 40 ni asilimia 5. Zijumlishe: 8.9. Ile asilimia 0.2 iliyobaki kufikia 9.1 ni viraka vya pembeni. Mwenye duka hahitaji kukumbuka kingine zaidi ya hicho. Akitaka kujua vipimo vyake vikikosewa kidogo ankara itayumba kiasi gani, agawe kosa la kila upande kwa upande wenyewe, ajumlishe asilimia tatu anazopata, na jibu litakuwa karibu sana na ukweli ilimradi makosa yenyewe ni madogo.

Kanuni hiyo ina jambo moja ambalo wengi hawalitarajii. Sentimita hazilingani bei. Watu wengi hukazania kupima vizuri upande mrefu, kwa sababu ndio unaoonekana mkubwa, na upande mfupi wanaukadiria. Inapaswa kuwa kinyume chake. Katika katoni yetu, sentimita moja ikizidi kwenye urefu wa 60, mzigo wote wa katoni 120 unaongezeka kwa dola 86.40. Ikizidi kwenye upana wa 45, ni dola 115.20. Ikizidi kwenye kimo cha 40, ambacho ndicho kifupi kuliko vyote, ni dola 129.60. Ukanda unaoongezwa kwenye upande mfupi hulala juu ya uso mkubwa kuliko nyuso zote za katoni, kwa hiyo ndio mkubwa kupita kanda nyingine. Kwa vitu bapa kama boksi la televisheni au meza iliyokunjwa, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Boksi lenye unene wa sentimita 15 likisomwa 16 limeongezeka kwa karibu asilimia 7 papo hapo, hata kama urefu na upana vimepimwa kwa usahihi kamili.

Vitu vya mviringo navyo vina adhabu yao. Zulia lililoviringishwa hupimwa kana kwamba limo ndani ya boksi, kwa hiyo kipenyo chake kinaingia kwenye hesabu mara mbili, kama upana na tena kama kimo. Chukua roli la mita nne lenye kipenyo cha sentimita 30. Boksi lake ni 400 kwa 30 kwa 30, nalo ni CBM 0.36. Likifungwa kwa ulegevu kipenyo kikawa 32, ujazo unakuwa CBM 0.41, ongezeko la karibu asilimia 14. Kosa ni moja, lakini limehesabiwa mara mbili, na kwa bei ile ile ya dola 400 roli moja tu limeongeza dola 20. Anayesafirisha mazulia anapata faida kubwa zaidi kwa kuyakaza vizuri kuliko kwa kubishania bei ya CBM.

Sasa turudi kwenye ndala zetu, kwa sababu swali la mwenye mzigo bado halijajibiwa: ameibiwa au hakuibiwa? Jumla ya CBM haiwezi kumwambia. Ankara inayoonyesha 14.14 badala ya 12.96 inasema tu kwamba kuna tofauti. Vinavyosema ukweli ni vipimo vya kila upande, vikiwekwa bega kwa bega na vya kiwanda. Kila chanzo cha kosa kinaacha alama yake, na alama hizo zinasomeka.

Katika mfano wetu alama ni moja, moja, mbili. Kimo kimezidi mara mbili ya pande nyingine, na hilo linatokana na jinsi katoni inavyotengenezwa. Kiwanda kinapoagiza katoni kutoka kwa mtengenezaji wa kadibodi, kwa kawaida kinataja vipimo vya ndani, kwa sababu kinachokihusu ni ndala ziingie. Msafirishaji anapima nje, kwa sababu kinachomhusu ni nafasi ndani ya kontena. Kati ya ndani na nje kuna unene wa kadibodi. Kadibodi ya kawaida ya tabaka tatu, ile yenye mawimbi katikati ya karatasi mbili, ina unene wa takriban milimita 4. Kwenye urefu kuna kuta mbili, moja kila mwisho, hivyo nje huzidi ndani kwa milimita 8. Kwenye upana ni hivyo hivyo. Lakini juu na chini ya katoni kuna mbawa za kufungia, na mbawa hizo hulaliana: mbili za ndani, mbili za nje. Ukienda wima unavuka kadibodi mara nne, si mara mbili, kwa hiyo kimo huzidi kwa milimita 16. Katoni ya 60 kwa 45 kwa 40 kwa ndani ni 60.8 kwa 45.8 kwa 41.6 kwa nje. Ghala likipandisha kila upande hadi sentimita kamili inayofuata, kama maghala mengi yafanyavyo, utapata 61, 46 na 42 bila kupunguza wala kuzidisha.

Kwa hiyo hakuna aliyeiba. Kiwanda kilisema kweli kuhusu ndani, ghala likasema kweli kuhusu nje. Dola 473 zimetoka kwenye karatasi ya kadibodi na kwenye desturi ya kupandisha namba, na mwenye mzigo angeweza kuzijua wiki kadhaa kabla kama angeuliza swali moja tu: vipimo hivi ni vya ndani au vya nje? Kama katoni ni ya tabaka tano, ambayo ina unene wa milimita sita au saba, pengo linakuwa kubwa zaidi.

Chanzo kingine kina alama tofauti kabisa, nacho ni inchi. Wauzaji wengine huorodhesha katoni kwa inchi, na mnunuzi huzigeuza kuwa sentimita kichwani kwa kuzidisha na mbili na nusu. Inchi moja ni sentimita 2.54, si 2.5. Tofauti hiyo ni asilimia 1.6, na mtu anaweza kuona haina maana. Lakini inaingia kwenye pande zote tatu na zote zinaelekea upande mmoja. Katoni ya inchi 24 kwa 18 kwa 16, ukiigeuza kwa mbili na nusu, inakupa 60 kwa 45 kwa 40 kamili, namba nzuri zisizo na vipande, na pengine ndiyo sababu hakuna anayezitilia shaka. Ukweli ni 60.96 kwa 45.72 kwa 40.64. Ujazo wa katoni 120 ni CBM 13.59 badala ya 12.96, karibu asilimia 5 zaidi, na kwa dola 400 hiyo ni dola 253. Ukiona pande zote tatu zimezidi kwa asilimia ile ile, usitafute mwizi, tafuta aliyegeuza inchi.

Alama ya tatu ni pale upande mmoja tu unapozidi na mingine inabaki palepale. Hiyo kwa kawaida ni katoni iliyovimba. Bidhaa laini kama ndala, nguo au mito husukumwa ndani mpaka mbawa za juu hazifungi vizuri, na mfungaji anazikandamiza kwa gundi ya plastiki. Asubuhi uso wa juu umetuna. Msafirishaji hapimi kwenye kona, ambako katoni bado ina kimo chake cha asili. Anapima pale palipotuna, kwa sababu hapo ndipo katoni ya juu yake itakapokaa. Kanuni inayotumiwa karibu kila mahali ni kwamba kipimo ni cha boksi dogo kuliko yote linaloweza kuumeza mzigo mzima pamoja na matuta yake. Na kwa kuwa uso mkubwa ndio dhaifu kuliko nyuso zote, ndio unaovimba zaidi, na kuvimba kwake kunaongeza ule upande mfupi, ambao tumeona kuwa sentimita yake ndiyo ghali kuliko zote. Kupunguza jozi moja kwenye kila katoni mara nyingine kunashusha gharama ya kila jozi iliyobaki.

Alama ya nne haionekani kwenye vipimo hata kidogo. Pande zote zinalingana na za kiwanda, lakini CBM imezidi. Hapo angalia ni wapi namba zimefupishwa. Katoni yetu ya nje ina CBM 0.117852. Karani akiiandika 0.12 kwa ajili ya wepesi, kisha akaizidisha kwa 120, anapata 14.40 badala ya 14.14. Robo ya CBM imezaliwa kwenye karatasi, na gharama yake ni dola 103. Kosa la kufupisha lilikuwa dogo kwa katoni moja, ila limezidishwa mara 120 pamoja na katoni yenyewe. Hesabu sahihi hubeba vipande vyote vya desimali mpaka mwisho, na kufupisha kunafanywa mara moja tu, kwenye jumla. Hili ni jambo ambalo mwenye mzigo ana haki kamili ya kulidai, kwa sababu halihusiani na tepu wala kadibodi.

Tepu nayo ina makosa yake, ingawa kwa maoni yangu inalaumiwa kupita kiasi. Kile kidoleo cha chuma kwenye ncha ya tepu huchezacheza, na wengi hudhani kimeharibika. Kimetengenezwa hivyo kwa makusudi: kinasogea kwa kadiri ya unene wake, ili kipimo kiwe sahihi ukining'iniza ncha ukingoni au ukiisukuma ukutani. Kikipinda ndipo kinaanza kudanganya, na uongo wake ni wa milimita moja au mbili. Utepe wa kitambaa wa fundi cherehani ni hatari zaidi kwa kazi hii kwa sababu hunyooka kwa kuvutwa miaka mingi, na ukinyooka husoma pungufu. Mwenye mzigo anaona katoni ndogo kuliko ilivyo, anafurahi, na furaha yake inaishia ghalani.

Kuna tofauti kubwa kati ya kosa linaloyumba na kosa linaloegemea upande mmoja. Tuseme unapima kila katoni kati ya zile 120, na kila mara mkono unatetereka, mara unazidisha, mara unapunguza, ujazo ukikosea kwa kama asilimia 3. Makosa hayo yatafutana yenyewe kwa yenyewe. Jumla ya mzigo itakosea kidogo sana, kwa sababu makosa yanayoyumba hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, na kipeuo cha pili cha 120 ni kama 11. Asilimia 3 inakuwa chini ya asilimia 0.3. Lakini nani anapima katoni 120? Desturi ni kupima moja na kuzidisha kwa 120. Hapo hakuna cha kufutana. Kama katoni uliyoichagua ilikuwa imetuna, umezituna zote 120 kwenye hesabu. Na makosa yanayoegemea, kama unene wa kadibodi, inchi ya mbili na nusu, au kupandisha kila upande, hayafutani hata ukipima katoni elfu moja, kwani kila katoni inayaongeza kwa mwelekeo ule ule. Kupima katoni tano au sita zilizochaguliwa sehemu mbalimbali za mzigo, kisha kuchukua wastani, kunatoa sehemu kubwa ya kuyumba kwa kazi ya dakika kumi. Kwa kuegemea, dawa ni maelewano ya mapema kuhusu namna ya kupima.

Si kila mzigo unaumizwa na haya yote. Kwenye meli za mizigo ya kuchangia, CBM moja kwa kawaida hulinganishwa na tani moja, na msafirishaji hutoza kile kilicho kikubwa zaidi. Katoni ya ndala yenye uzito wa kilo 14 ni nyepesi mno kwa ukubwa wake, hivyo ujazo ndio unaotawala na kila sentimita inahesabiwa. Lakini boksi la boliti za chuma la sentimita 30 kwa 20 kwa 20 lenye kilo 25 lina CBM 0.012 tu, na uzito wake ni tani 0.025. Hata ukikosea vipimo vyake mpaka ujazo ukawa mara mbili, bado uzito ndio utakaotozwa na ankara haitasogea. Mwenye boliti aiangalie mizani, mwenye ndala aiangalie tepu.

Kwa ndege mpaka huo uko sehemu nyingine. Mashirika ya ndege hugeuza ujazo kuwa uzito wa kufikirika kwa kugawa sentimita za ujazo kwa 6,000. Katoni ya orodha ya kiwanda, yenye 108,000, ni kilo 18 kamili. Katoni ya nje, yenye 117,852, ni kilo 19.64, na kwa kuwa uzito hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata, utalipia kilo 20. Katoni ile ile iliyo na kilo 14 kwenye mizani imelipiwa kilo sita zaidi, na kati ya hizo mbili zimetokana na kadibodi na kupandisha namba.

Wapo pia wanaokodi kontena zima na kudhani wameepukana na CBM, kwa kuwa bei ya kontena ni moja. Humo ndani kosa halisambai taratibu. Linaruka. Kontena refu la futi 40 lenye kimo kikubwa kwa kawaida lina nafasi ya ndani ya takriban sentimita 1,203 kwa urefu, 235 kwa upana na 269 kwa kimo. Ukipanga katoni za 60 kwa 45 kwa 40 kwa kufuata urefu wake, unapata safu 20 kwenda ndani, tano kwa upana na sita kwenda juu, jumla katoni 600. Sasa zipange zile za nje halisi, 60.8 kwa 45.8 kwa 41.6. Tano kwa upana zinachukua sentimita 229, bado zinaingia. Sita kwenda juu zinachukua sentimita 250, zinaingia. Makosa ya upana na kimo yamemezwa kabisa na nafasi iliyokuwa wazi, hayagharimu hata senti. Lakini kwa urefu, safu 20 za 60.8 ni sentimita 1,216. Safu ya ishirini haiingii. Milimita nane zimewaacha katoni 30 nje ya mlango wa kontena, na zile 570 zilizoingia zinabeba gharama ya kontena zima.

Gharama hiyo pia haikomi bandarini kwa anayejilipia ushuru mwenyewe. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki thamani ya forodha kwa mzigo wa meli hujumuisha nauli ya kuufikisha, kwa hiyo nauli iliyovimba inatozwa kodi pia. Chukua bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 juu ya jumla. Dola 473 za nyongeza zinazaa dola 118 za ushuru, kisha dola 106 za VAT. Kufikia dukani, tofauti ya sentimita nne imekaribia dola 700.

Wakati wa kuzuia haya ni kabla mzigo haujapakiwa, kwa sababu katoni ikishaingia kontena hakuna wa kuitoa ikapimwe tena. Mwenye ndala wetu akiwa na agizo la pili, jambo la kwanza ni kukitaka kiwanda kimpe vipimo vya nje vya katoni iliyofungwa tayari, pamoja na picha tatu zinazoonyesha tepu kwenye kila upande, kwenye sehemu iliyotuna zaidi. La pili ni kumwomba msafirishaji amwambie mapema kama anapandisha kila upande au anafupisha jumla, na kwa kiwango gani. Kwa katoni ya ukubwa huu, kupandisha peke yake huongeza wastani wa nusu sentimita kila upande, ambayo ni kama asilimia 3, yaani dola 165 kwa mzigo wake. Hiyo ni tofauti anayopaswa kuitarajia na kuitengea fedha. Ikija asilimia 4, asipoteze simu. Ikija asilimia 9, aombe vipimo vya upande mmoja mmoja na asome alama zake.

Na kama anafikiria kukodi kontena zima siku za usoni, zungumzo lake na kiwanda linahusu urefu tu. Katoni ya 60 kamili kwa nje inaacha sentimita tatu kwa safu 20, na kuvimba kidogo kwa katoni chache kunatosha kuzimaliza. Aagize nje iwe 59.5, maana yake ndani 58.7 kwa kadibodi ya tabaka tatu, ndala zipangwe upya ziingie humo. Upana na kimo aviache vilivyo.